"Nafasi zimejaa" si jibu kamili

"Nafasi zimejaa. Usitume tena maombi."

Maneno matano. Mwanafunzi wa uhasibu anayehangaika kupata pa kufanyia fildi, ambayo mara nyingi ni wiki 8 za likizo ndefu, akipokea jibu hilo hajui tatizo ni yeye, barua yake au ofisi. Aliyelituma huenda si mkali hata kidogo. Ana rundo la barua mezani na simu inaita.

Jibu lile lile, kutoka ofisi ndogo ya ukaguzi wa hesabu, lingeweza kusomeka hivi:

"Habari. Asante kwa kuomba kufanya fildi kwetu. Mwaka huu hatutaweza kukupokea. Tuna wasimamizi watatu, kila mmoja huchukua mwanafunzi mmoja, na nafasi zilijaa Aprili, kabla barua yako haijafika. Ukitaka kuomba mwakani, tunapokea barua za vyuo Januari hadi Machi. Hukutaja kama umewahi kutumia Excel; kama umeitumia, eleza ulifanya nini, hata kama ni hesabu za duka la nyumbani. Kwa sasa jaribu Saccos za karibu nawe, ambako kuandika vocha na kulinganisha daftari na taarifa ya benki ni kazi za kawaida."

Kukataa kumekuja mapema, katika sentensi ya tatu, na hakukufunikwa. Kuna waungwana wanaokwepa neno "hapana" na kuandika "tutakujulisha". Huo si wema: kijana anaacha kutafuta kwingine, anasubiri simu, na likizo inaanza akiwa hana ofisi.

Sababu nayo lazima iwe ya kweli. Kama nafasi zilikuwepo ila barua ilikuwa dhaifu, kusingizia kujaa kutamfanya apeleke barua ile ile ofisi ya pili na ya tatu. Atajiwe kasoro moja anayoweza kuirekebisha wiki hii, basi. Orodha ya makosa saba ni adhabu. Na kumweleza lini barua hupokelewa si kumwahidi nafasi. "Karibu sana mwakani" ataielewa kama ahadi.

Maelekezo yanaweza pia kupotosha. Wapo wanaomwambia kila mwombaji aende TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira Tanzania. Mafunzo ya uzoefu wa kazi yanayoratibiwa huko ni ya wahitimu. Aliye bado chuoni atapoteza nauli.

Mwenye barua 40 mezani hahitaji kutunga majibu 40. Sehemu kubwa hunakiliwa ilivyo. Sentensi inayohusu barua ya mwombaji mwenyewe ndiyo ya kuandikwa upya kila mara, na haiwezekani kuiandika bila kuisoma barua hiyo.

Kipimo cha jibu ni rahisi: mwanafunzi akipiga simu kesho yake kuuliza, "Kwa hiyo nisubiri?", halikuandikwa vizuri.