Nani arudi nyuma mlimani?

Kwenye vipande vyembamba vya barabara kati ya Lushoto na Mtae, milimani Usambara, Fuso na gari dogo haviwezi kupishana popote tu. Mmoja lazima arudi hadi penye upana.

Kanuni ya kawaida ni kwamba anayepanda apewe njia. Akisimama mteremkoni, kuondoka tena ni kazi: klachi inaungua, tairi zinasaga kokoto, na gari linaweza kuserereka nyuma kabla halijashika. Kwa hiyo utingo huruka na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Anayeshuka akisimama, akiachia breki tu gari linaondoka. Hata akirudi nyuma anapanda, hivyo mwinuko wenyewe unampunguza mwendo. Anayepanda akirudi nyuma anateremka kinyumenyume, na uzito unamsukuma.

Sasa mkute Fuso limejaa kabichi likishuka, nawe unapanda na gari dogo tupu, na upana uko mita ishirini nyuma yako. Hapo kung'ang'ania kanuni ni ubishi mtupu. Lori lenye tani kadhaa linasimama kwa shida, breki zake huenda zimeshapata moto, na dereva haoni nyuma kwa sababu ya mzigo. Rudi wewe, taratibu, ukiwa kwenye gia ya nyuma, usiliachie gari huru. Abiria ashuke akuelekeze, asimame upande wa mlima, kamwe asikae nyuma ya gari. Ukingo wa bonde, hasa baada ya mvua, unaweza kumeguka chini ya tairi.