Milima ya Moto ya Goma na Maumbo Yake Matatu

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama Goma na kuelekeza macho kaskazini, huona milima miwili ya moto isiyofanana hata kidogo. Wa karibu ni Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, mteremko mkali na kilele kilichokatika kama chungu kilichovunjwa mdomo. Nyuma yake, upande wa kushoto, Nyamulagira umejinyoosha, mpana na wa chini zaidi, mita 3,058. Kisha kuna vilima vidogo vya mviringo, vingi, vilivyotapakaa kati ya milima hiyo miwili na pembezoni mwake, vyenye shimo juu.

Hayo ndiyo maumbo matatu ya volkano yanayofundishwa shuleni: volkano ngao, volkano ya matabaka na koni ya kokoto. Wakazi wa mashariki ya Kongo wanayo yote mlangoni. Wanajua pia, kwa gharama kubwa, kwamba mojawapo ya milima hiyo haifuati somo.

Somo lenyewe linaanzia jikoni. Uji mwepesi ukimwagika, unatambaa mezani hadi ukingoni. Ugali hautambai, unabaki pale ulipowekwa, na unapotokota sufuriani hewa hunaswa chini yake, kisha hupasuka na kumrukia mpishi mkononi. Lava nayo iko hivyo. Kinachoamua wepesi au uzito wake ni joto na kiasi cha silika, ile iliyomo pia kwenye mchanga na kioo. Silika ikiwa kidogo na joto likiwa kali, lava ni uji, na gesi iliyomo hutoka bila vurugu kubwa. Silika ikizidi, lava hunata, gesi hukosa njia, na shinikizo hupanda mpaka mlima unalipuka.

Nyamulagira ni mlima wa uji. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 umetema lava zaidi ya mara 40, na ni volkano chache barani Afrika zinazoufikia kwa wingi wa milipuko. Kila mara lava yake nyepesi imekimbia mbali kabla ya kuganda, ikaacha tandiko jembamba juu ya tandiko la zamani. Mlima unaojengwa hivyo hauwezi kuwa mrefu na mwembamba. Unapanuka tu, mteremko wake ukiwa wa taratibu, mpaka kwa mbali unafanana na ngao iliyolazwa kifudifudi. Mauna Loa wa Hawaii, wenye mita 4,169 juu ya usawa wa bahari, ulijengwa kwa namna hiyohiyo. Lava ya milima hii huteketeza misitu na mashamba, lakini kwa kawaida huwapa watu nafasi ya kuondoka.

Mwezi wa Novemba 2011 Nyamulagira ulionyesha jinsi umbo la pili linavyozaliwa. Ardhi ilipasuka mahali paitwapo Kimanura, zaidi ya kilomita 10 kutoka kileleni, na lava ikarushwa juu kama maji ya bomba lililopasuka. Matone yake yalipoa yakiwa bado hewani, yakaanguka kuzunguka shimo yakiwa kokoto nyeusi. Ukishika kokoto moja ya namna hiyo, utashangaa ilivyo nyepesi: imejaa matundu kama mkate, na kila tundu ni alama ya kiputo cha gesi. Kokoto hizo zilirundikana zikawa kilima, na mteremko wake ukatulia kwenye nyuzi kama 30, kama lundo lolote la changarawe linavyotulia likimwagwa na lori. Zikimwagwa nyingine, zinaporomoka.

Kwa kuwa koni ya namna hii ni lundo tupu lisiloshikana, haiwezi kubeba lava ndani yake. Lava hupenya chini, ikatokea miguuni mwa kilima huku juu kokoto zikiendelea kuruka. Koni nyingi huishi mara moja tu: miezi michache, pengine miaka michache, kisha huzima moja kwa moja. Ile ya Kimanura ilinyamaza mwaka 2012. Parícutin ya Meksiko, iliyoanza kama ufa kwenye shamba la mahindi tarehe 20 Februari 1943, ilidumu hadi 1952.

Umbo la tatu ndilo linalotisha kuliko yote vitabuni. Volkano ya matabaka hujengwa kwa zamu: leo lava nzito inayoganda karibu na mdomo, kesho majivu na mawe, kisha lava tena. Ndiyo maana huwa na miteremko mikali. Kilimanjaro na Meru ni za kundi hili. Hatari yake ya kawaida ni mlipuko. Mlima Pelée, katika kisiwa cha Martinique, tarehe 8 Mei 1902 ulitoa wingu la gesi na majivu ya moto lililoua watu wapatao 28,000 katika mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache.

Nyiragongo una umbo la kundi hilo, na mwanafunzi angetegemea humo lava nzito kama ugali. Sivyo. Lava yake ina silika kidogo sana, na ni miongoni mwa lava nyepesi kuliko zote zinazojulikana. Kwa miaka mingi imekaa kileleni kama ziwa linalochemka, ndani ya shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja. Mlima mkali, uji mwepesi, na ziwa zima juu kabisa ya mteremko: mkusanyiko huo ndio hatari yenyewe. Hauhitaji mlipuko. Unahitaji ufa.

Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka na ziwa likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Juu, penye mteremko mkali, lava ilikimbia kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Hakuna binadamu anayeweza kuikimbia. Vijiji vilifunikwa na watu wengi wakafa.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka upande wa kusini hadi Munigi, jirani na uwanja wa ndege. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia Ziwa Kivu. Watu walijenga upya juu ya jiwe hilohilo, na kuta nyingi za mji leo ni vipande vyake vyeusi.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka tena. Vipimo vya mitetemo vilianza kubadilika chini ya saa moja tu kabla ya lava kutokea. Watu zaidi ya 30 walifariki, na maelfu ya nyumba ziliteketea pembezoni kaskazini mwa mji. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, wengi wakadhani yamekwisha. Matetemeko yaliendelea, na tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kumi ihamwe. Watu laki kadhaa wakaondoka, wengi kuelekea Sake. Baadaye watafiti walithibitisha sababu: siku zile magma ilikuwa ikisafiri chini ya barabara na nyumba za Goma, ikafika chini ya Ziwa Kivu, ikasimama humo bila kutokeza juu.