Kadi Mpya, Kompyuta Kuukuu: Soma Kibandiko Kwanza

Kompyuta za mezani aina ya Dell OptiPlex 7010 zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na leo nyingi huuzwa kama mtumba. Akishaipata, kijana hutaka kuiongezea kadi ya grafiki ili acheze gemu. Bei ya kadi huulizwa mapema. Pawa saplai na keisi hukumbukwa kadi ikiwa tayari imelipiwa.

Tuchukue ile ndogo, inayoandikwa SFF. Pawa saplai yake ni ya wati 240. Ikiwa ndani mna prosesa ya i5-3470, hiyo peke yake imekadiriwa wati 77. Ubao mkuu, diski na feni tuvipe wati 40. Sasa mtu aweke RTX 3060, kadi ya wati 170: jumla inafika 287, na umeme hautoshi. Hata ungetosha, kadi hiyo inadai waya wake wa umeme wenye pini 8, na pawa saplai hii haina waya huo.

GTX 1050 Ti ni wati 75, kiasi kile kile ambacho sloti inaweza kutoa, hivyo matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada. Jumla inakuwa 192. Inawezekana, ingawa nafasi iliyobaki si kubwa.

Jumla ya wati haimalizi habari. Kadi hutegemea zaidi laini ya volti 12, kwa hiyo kisomwe kibandiko cha pawa saplai mahali palipoandikwa +12V. Ampia zikizidishwa kwa 12 zinatoa wati za laini hiyo. Zikiwapo laini kadhaa, zisijumlishwe kiholela. Kibandiko mara nyingi hutaja kikomo chake cha pamoja.

Umeme usipotosha, kompyuta huwaka vizuri, hufungua barua na video bila shida, kisha huzima ghafla gemu inapopamba moto. Wengine hukimbilia adapta ya kuchukua umeme kwenye plagi ya diski. Hiyo ni hatari hasa: plagi ya SATA hubeba wati 54 tu kwenye volti 12, nayo ikilazimishwa zaidi huweza kuyeyuka.

Halafu kuna keisi. Bati la kadi ya kawaida lina kimo cha sentimita 12, na SFF hupokea bati fupi la karibu sentimita 8 tu. Rula ipitishwe pia kupima urefu wa kadi na unene wake, maana kadi nene huziba sloti ya jirani.

Mwenye kutaka kadi kubwa afadhali atafute 7010 yenye keisi ndefu, MT. Pawa saplai yake ya wati 275 nayo ni ndogo, lakini hubadilishwa kwa ya kawaida ya ATX yenye waya wa pini 8.