Mabati ya Mama: Jinsi Hadwea ya Kijijini Inavyomfikia Mlipaji Aliye Ng'ambo

Nyumba nyingi zinazojengwa vijijini Kenya zina wenyewe wawili. Mmoja yuko kwenye ploti, anapokea simiti na kuwapikia mafundi chai. Mwingine yuko Minnesota, Doha au Manchester, na ndiye anayelipa. Mwenye hadwea, tuseme katika soko moja la Kaunti ya Kakamega, humwona wa kwanza kila wiki kaunta, na huenda asimtie machoni wa pili hata siku moja. Hata hivyo hawa wawili ni mteja mmoja. Hadwea inayomtafuta mlipaji mtandaoni huku ikimpuuza mpokeaji anayesimama mbele yake imeanza kazi kutoka mkiani.

Kwa miaka mingi mlipaji hakujua hata jina la duka. Alituma pesa kwa ndugu, ndugu akanunua. Pesa za mabati zilifika nyumbani zikakuta mtoto amerudishwa kwa ajili ya karo au mgonjwa amelazwa, na mara nyingi hakukuwa na wizi wowote, ila shida iliyopo leo hushinda paa la mwezi ujao. Ndiyo sababu walio ng'ambo wengi hupendelea kulilipa duka lenyewe. Wanachotaka kununua ni mabati, na pamoja na mabati wanataka kutulizwa roho kwamba mabati yamefika.

Jambo hili si geni duniani. Kampuni ya simiti ya Cemex ya Meksiko ilianzisha mpango wa Construmex mwaka 2001 kwa ajili ya Wameksiko waliokuwa wakifanya kazi Marekani. Ilifungua ofisi katika miji wanakoishi kwa wingi, kama Los Angeles na Chicago, ambako mtu aliweza kupata ushauri wa ujenzi na kulipia simiti, kisha vifaa vikapelekwa kwa jamaa zake Meksiko na muuzaji wa karibu nao. Hadwea ya kijijini haina uwezo wa kufungua ofisi Marekani, lakini tayari inayo njia ya kufika huko, nayo ni simu ya mama mwenye nyumba.

Kwa hiyo mkakati huanzia kaunta. Mtu anaponunua vifaa vya ujenzi, swali moja la adabu linatosha: "Mama, risiti hii tumtumie nani?" Akijibu kwamba ni binti yake aliye Amerika, risiti hupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp ya mama mwenyewe, naye aipeleke kwa binti. Duka halimwombi namba ya binti. Ujumbe unaotoka kwa mama hufunguliwa papo hapo, ilhali ujumbe wa namba ngeni kutoka nyumbani hushukiwa kuwa wa matapeli au wa mtu anayeomba pesa.

Risiti hiyo sharti ibebe namba inayopigika kutoka nje. Maduka mengi bado huandika namba inayoanza na 07, ambayo haimfikishi popote aliye Doha. Iandikwe kwa +254, na chini yake kiungo cha WhatsApp ambacho akikibonyeza kinafungua mazungumzo moja kwa moja. Kiungo hicho huandikwa bila alama ya kujumlisha na bila ile sufuri ya mwanzo:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Nauliza%20bei%20ya
```

Maneno yaliyo baada ya `text=` humtokea mteja yakiwa yameshaandikwa, akabaki kuongeza tu jina la kitu anachotaka.

Biashara yenyewe inaweza kufuatwa kwa mfano mmoja. Muuguzi aliye Minnesota anataka kumwezekea mama yake nyumba. Fundi amesema yanahitajika mabati 48 ya mita 3, geji 30. Hadwea inamtumia kwotesheni yenye bei za mfano huu: mabati 48 kwa shilingi 1,150, jumla 55,200, kofia 6 kwa 700, jumla 4,200, kilo 6 za misumari ya mabati kwa 250, jumla 1,500, na gari hadi nyumbani 3,000. Jumla kuu ni shilingi 63,900. Dola moja ikiwa shilingi 127, hizo ni kama dola 503. Kwotesheni nzuri hubaki katika shilingi, huonyesha dola kama makadirio tu, na hutaja siku ambayo bei itakoma, kwa mfano baada ya siku 7. Duka likiahidi dola kamili, tofauti ya ubadilishaji italiangukia lenyewe, na ubishi wa dola tano unaweza kumpoteza mteja wa nyumba nzima. Usafiri nao uandikwe mapema. Hakuna kinachomuudhi mlipaji kama simu ya pili ya kumwambia kwamba gari limekataa kuondoka hadi liongezewe.

Malipo huja kwa huduma ya kutuma pesa, ama kwenye M-Pesa ama benki, na baadhi ya huduma hizo zinafika hadi Paybill. Jina linalomtokea mlipaji anapotuma linapaswa kuwa lile lile lililo kwenye risiti na kwenye ukurasa wa duka. Akiona jina la mtu binafsi asiyemjua, husita, na husita kwa haki, kwa sababu matapeli hunakili picha za duka, wakafungua ukurasa unaofanana, kisha wakaandika kwamba namba ya malipo imebadilika. Dawa ni duka kutangaza mapema kwamba namba yake ya malipo haibadilishwi kamwe kwa ujumbe, na kwamba mwenye shaka apige simu ya video aonyeshwe kaunta.

Baada ya kulipwa ndipo kazi ya kujitangaza inapofanyika hasa, ingawa wenye maduka wengi hudhani imekwisha. Mlipaji anajua kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na kwamba mabati membamba yanaweza kupakiwa kwa bei ya mazito bila mama kutambua. Basi picha ya gari lililojaa haimthibitishii lolote. Kinachomtuliza ni picha ya karibu ya mhuri uliopigwa kwenye bati, jina la mtengenezaji na geji vikisomeka. Halafu video fupi ya kuhesabu mabati yakishushwa, moja hadi 48, bila kukatwa. Mwisho, sauti ya mama mwenyewe akisema amepokea. Vitu hivyo vitatu vikiingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, vinaonwa pia na kaka aliye Dallas na shangazi aliye Leeds. Hakuna tangazo la kununua linalowafikia watu wanaofaa namna hiyo, na halikugharimu zaidi ya bando la siku.

Penye njia hii pana mtego mmoja ambao hausemwi hadharani. Siku mbili baada ya malipo, ndugu wa mlipaji hufika dukani akiomba arudishiwe mabati kumi kwa pesa taslimu, au hutangulia kabla ya malipo akiomba kwotesheni iandikwe juu kidogo. Kumkatalia usoni ni kuvunja ujirani. Kumkubalia ni kuipoteza familia nzima siku mambo yatakapofichuka, na hufichuka, maana siku ya kuezeka paa litapungukiwa. Duka lenye busara huweka kanuni kabla ya ombi kuja, na kuiandika kwenye risiti: badiliko lolote la oda huidhinishwa na aliyelipa. Hapo mwenye duka hamshutumu mtu. Anaonyesha maandishi tu, kisha anajitolea kumpigia mlipaji simu wakiwa wote wawili. Mara nyingi ombi huishia hapo.

Saa za kujibu zinahitaji mpango wake. Doha na Nairobi zina saa moja, kwa hiyo anayefanya kazi Katari anaweza kujibiwa mchana wa kawaida. Muuguzi wa Minnesota anayetoka zamu saa moja na nusu usiku anaandika wakati Kakamega ni saa kumi na nusu alfajiri katika majira yao ya baridi, au saa tisa na nusu usiku katika majira ya joto. Si lazima mtu akeshe. WhatsApp Business inaruhusu jibu la kujiendesha nje ya saa za kazi, nalo liwe na maana: litaje saa ya kufungua kwa Kenya na liombe orodha ya fundi ipigwe picha, ili asubuhi kwotesheni itoke bila maswali ya ziada. Kwa wafanyakazi wa nyumbani walio Ghuba, ambao wengine huishika simu kwa muda mfupi tu, ujumbe wa sauti wa nusu dakika hufaa kuliko katalogi yenye picha nzito.

Matangazo ya kulipia huja mwisho. Katika mfumo wa Meta kumekuwa na kundi linaloitwa `Lived in Kenya (Formerly Expats - Kenya)`, ambalo likiunganishwa na mji fulani wa ng'ambo hupunguza upotevu. Lakini "aliyewahi kuishi Kenya" ni pamoja na Mturkana, Mpwani na mgeni aliyewahi kufanya kazi Nairobi, ilhali gari la hadwea haliendi mbali na Kakamega. Kwa hiyo tangazo litaje wadi na masoko linakofikisha mizigo kwa majina yake. Makundi ya watu wa kijiji kimoja walio ng'ambo hulenga vizuri zaidi, ila mwenye duka asijiingize mwenyewe. Aingizwe na mwanachama aliyekwisha kununua. Na kundi likiwa linachangisha pesa za kusafirisha maiti, bei ya mabati isipite hapo hadi mazishi yaishe.

Picha za uthibitisho zina mipaka pia. Zilitumwa kwa familia, hazikutolewa zianikwe kwenye ukurasa wa duka. Uso wa mama kizee, geti lake na jina la kijiji vikiwa pamoja mtandaoni vinamwambia kila mpita njia kwamba nyumba hii ina mtu Amerika. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini kabla ya picha ya mtu kutumika kibiashara, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza baa moja ya Nairobi faini kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ukurasani bati lenye mhuri, gari likipakiwa na paa lililokamilika bila watu vinatosha.

Mafanikio ya haya yote hayapimwi kwa idadi ya wafuasi, kwani wengi wao ni mafundi na majirani. Daftari lenye safu nne hueleza zaidi: kwotesheni zilizotumwa kwa namba za +1, +44 au +974, zilizolipwa, walionunua tena, na jibu la swali "umetujua kupitia nani?" Kwotesheni zikiwa nyingi na malipo machache, kasoro huwa kwenye bei, usafiri au jina la akaunti. Wakilipa mara moja wasirudi, achunguzwe aliyepeleka mzigo.