Kuficha Kiyoyozi cha Dirishani Chumbani bila Kukiziba Pumzi

Katika maghorofa mengi ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kiyoyozi cha chumba cha kulala bado ni lile sanduku moja lililopachikwa dirishani au katika tundu la ukuta. Mashine ya namna hii hufanya kazi yake vizuri, lakini haina sura ya kupendeza. Rangi yake hugeuka manjano, mbao zilizozibia pembeni hulegea, na waya huning'inia ukutani juu ya kitanda. Si ajabu, basi, kwamba mwenye chumba hutamani kuificha. Hatumkatazi. Tunachotaka kueleza ni namna ya kuificha bila kulipia umeme usioleta baridi, na bila kuweka hatari ya moto karibu na mahali watu wanapolala.

Mashine hii hupumuaje?

Upande wa ndani wa kiyoyozi cha dirishani una milango miwili ya hewa. Mmoja, ulio mpana, huvuta hewa ya joto ya chumbani. Hewa hiyo hupita katika chujio, kisha katika mirija ya baridi yenye mapezi membamba ya alumini. Mlango wa pili, ulio mwembamba, huirudisha hewa hiyo chumbani ikiwa imepoa. Katika mashine nyingi mlango huu huwa juu, na katika nyingine huwa ubavuni. Nyuma ya mlango wa kuvutia hewa hukaa kihisio cha joto, ambacho ndicho kinachoiamuru kompresa iwake au izime.

Mahali kilipo kihisio hicho ndipo panapozaa kosa la kawaida kuliko yote. Mtu akiweka kizuizi mbele ya mashine, hewa baridi hugonga kizuizi na kurudi moja kwa moja katika mlango wa kuvutia. Kihisio hudhani chumba kizima kimepoa, nacho huizima kompresa ilhali aliyelala anatoka jasho. Mlalaji huteremsha kipimo kutoka nyuzi 24 hadi 20, kisha 18. Mashine sasa haizimi tena, lakini baridi inaishia nyuma ya pazia.

Kosa la pili hutokea pale hewa inayoingia inapopungua sana. Mirija isipopata hewa ya kutosha hupoa hadi chini ya nyuzi 0, unyevu wa hewa hugandia juu yake, na barafu hiyo huziba njia kidogo iliyokuwa imebaki. Dalili zake ni mbili: upepo unaozidi kufifia kadiri usiku unavyokwenda, na maji yanayodondoka upande wa ndani wa chumba asubuhi. Hali hii ikitokea, zima upoaji na uache feni peke yake ifanye kazi mpaka barafu yote iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu. Mirija hiyo ni laini, na ikitoboka gesi yote hutoka.

Mfano wa chumba kimoja

Tuchukue chumba chenye mashine ya BTU 12,000, yenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 38. Mlango wa kutolea hewa uko juu. Mlango wa kuvutia uko chini yake, nao una upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 24. Mwenye chumba anamwita seremala amtengenezee kabati dogo la mninga lenye nakshi za kutoboa, liifunike mashine yote.

Seremala anapima mashine na kutengeneza kabati linaloikaa sawasawa. Kwa macho, kazi ni nzuri. Lakini nakshi zake zimeacha uwazi kama robo tu ya ubao. Mlango wa kuvutia wa mashine hii una eneo la sentimita za mraba 1,200, yaani 50 mara 24. Ubao wa nakshi wa ukubwa uleule unaipa hewa njia ya sentimita za mraba 300 pekee. Ni sawa na mtu kuambiwa akimbie huku amezibwa pua.

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: uwazi wote wa kifuniko usipungue eneo la mlango wa kuvutia hewa. Kwa chumba chetu, vibao vya upana wa sentimita 2 vilivyoachana sentimita 2 vinaacha uwazi wa nusu. Kwa hiyo sehemu yenye vibao inahitaji kuwa na sentimita za mraba 2,400, mathalani upana wa 80 kwa kimo cha 30. Kama nafasi ni ndogo, vibao vyembamba vya sentimita 1 vilivyoachana sentimita 3 huacha uwazi wa robo tatu. Hapo sentimita za mraba 1,600 zinatosha, yaani upana wa 64 kwa kimo cha 25. Kifuniko hiki cha pili kinalingana karibu kabisa na upana wa mashine yenyewe, na kwa chumba kidogo ndicho tungekichagua.

Bado liko jambo ambalo maseremala wengi hulisahau. Mbele ya mlango wa kutolea hewa pasiwekwe kibao chochote: sehemu hiyo iachwe wazi kabisa. Tena, kati ya mlango wa juu na wa chini ulazwe ubao mmoja, kutoka uso wa mashine hadi kwenye kifuniko, kama rafu. Ubao huo hutenga hewa inayotoka na hewa inayoingia, na bila huo hata kifuniko chenye uwazi mkubwa kitairudisha baridi katika kihisio. Ikiwa mlango wa kutolea uko ubavuni, ubao wa kutenga husimamishwa wima.

Hatimaye, kifuniko kitundikwe ukutani kwa ndoana au bawaba, kisikongomewe katika mwili wa mashine. Ndani ya mwili huo mna mirija ya gesi na nyaya, na parafujo moja inaweza kuharibu vyote viwili. Aidha, baadhi ya gesi zinazotumika katika mashine mpya, kama R32 na R290, zinaweza kushika moto. Bawaba ina faida nyingine: chujio linapaswa kutolewa na kuoshwa kila baada ya majuma mawili hivi, na kifuniko kisichofunguka kwa urahisi humfanya mwenye nyumba aahirishe kazi hiyo miezi kwa miezi.

Njia zisizohitaji seremala

Kwa wengi, rangi peke yake inatosha. Ukuta na mbao za pembeni zikipakwa rangi moja inayokaribiana na ya mashine, jicho huacha kuliona sanduku. Ukitaka kupaka mashine yenyewe, chomoa plagi, ondoa uso wa mbele, uoshe kwa sabuni, uukwaruze kidogo kwa msasa laini, kisha tumia rangi iliyoandikwa kuwa inafaa plastiki. Usipake mapezi, kihisio, wala kibandiko kinachoonyesha volti, ampea na aina ya gesi. Fundi atakihitaji siku mashine itakapoharibika.

Pazia nalo linafaa, ila kwa sharti moja. Fimbo ya pazia iwe ndefu, ili vipande viwili vikae pande zote mbili za mashine na kuificha mchana ikiwa imezimwa. Usiku vifunguliwe na kufungwa kwa kamba, kwa kuwa pazia jepesi lililo karibu huvutwa na hewa na kuganda juu ya mlango wa kuvutia. Katika miezi ya baridi ya pwani, Juni hadi Agosti, mashine inaweza kufunikwa kabisa, mradi plagi imechomolewa.

Visivyofichwa kamwe

Cha kwanza ni plagi na soketi. Mashine ya BTU 12,000 hutumia umeme wa takribani kilowati 1.1 hadi 1.2, na kompresa inapoanza huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi. Soketi iliyolegea hupata joto taratibu. Ikiwa nyuma ya kabati au pazia, hakuna atakayeiona ikibadilika rangi kuwa kahawia. Baada ya mashine kufanya kazi kwa saa moja, gusa uso wa plagi: vuguvugu si tatizo, lakini ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima mashine na umwite fundi umeme. Usitumie ekstensheni kwa sababu tu soketi ya asili inaharibu mandhari ya chumba.

Cha pili ni upande wa nje. Pande mbili za sanduku zina matundu yanayoingiza hewa ya kupozea mashine, na mgongo wake hutoa joto. Matundu hayo ya ubavuni lazima yawe nje ya ukuta. Hapa ndipo nyumba za kale za mawe ya matumbawe hupata shida, kwa kuwa ukuta wake unaweza kufikia nusu mita na kuyameza matundu yote. Vivyo hivyo, tofali za urembo au bati lililobanwa nyuma ya mashine hulirudisha joto palepale. Kizimba cha chuma chenye nondo zilizoachana vizuri hakina dhara.

Kujaribu kabla ya kulipa

Hakuna haja ya kumwamini mtu kwa maneno. Kabla kifuniko hakijawekwa, washa mashine kwa dakika 20, kisha pima joto la hewa inayoingia na la hewa inayotoka kwa kipimajoto cha kawaida. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 ni ya kawaida kwa mashine nzima. Weka kifuniko, funga milango ya chumba, subiri dakika 20 nyingine, upime tena, na mara hii upime pia joto la hewa katikati ya chumba. Joto la mbele ya mlango wa kuvutia likiwa chini ya lile la katikati ya chumba kwa nyuzi 2 au 3, baridi inarudi ndani ya mashine, na kifuniko kinahitaji kurekebishwa. Asiye na kipimajoto ashike ukanda wa karatasi laini mbele ya mlango wa kutolea hewa, kabla na baada. Ukipepea kwa unyonge kuliko mwanzo, njia ya kuvutia imebanwa.

Kwa sababu hiyo tunashauri mapatano na seremala yaandikwe, yakitaja vipimo vya uwazi, ubao wa kutenga na namna ya kufungua, na sehemu ya malipo ibaki hadi jaribio lifanyike. Mpangaji apate kwanza ridhaa ya mwenye nyumba, na mwenye mashine mpya asome masharti ya dhamana kabla ya kupaka rangi au kugusa chochote. Usiku wa kwanza baada ya kazi kukamilika, acha kipimo kwenye nyuzi zilezile ulizozizoea. Ukijikuta unakiteremsha ili upate usingizi, kifungue kifuniko kabla hujamlaumu fundi wa viyoyozi.