Nukta Elfu Mbili za Mkoa wa Mara

Ramani nyingi za idadi ya watu hupaka wilaya nzima rangi moja. Wilaya ya Serengeti ikipakwa hivyo, msomaji hudhani wakazi wake wametawanyika sawasawa kutoka Mugumu hadi katikati ya hifadhi, wakati karibu wote wanaishi upande wa magharibi, nje ya mpaka wa hifadhi. Ramani ya nukta inaweza kuonyesha ukweli huo. Kila nukta husimama badala ya idadi fulani ya watu, na palipo na watu wengi nukta hubanana.

Mkoa wa Mara ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii, kwa sababu umebanwa pande mbili na maeneo yasiyokaliwa: Ziwa Victoria magharibi, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mashariki. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu takriban milioni 2.37.

Wachoraji wengi huanza kwa kuamua nukta moja iwe watu wangapi. Mimi naona hapo ndipo wanapokosea. Anza kwa kuondoa maeneo yasiyo na watu, kwa sababu uamuzi huo hubadilisha msongamano wote. Ukiondoa theluthi mbili ya eneo la wilaya, watu walewale wanabaki kwenye theluthi moja, na nukta zinakuwa na msongamano mara tatu ya ule wa awali. Thamani uliyoichagua kabla ya hapo huenda isifae tena.

Chukua mipaka ya kata yenye takwimu za sensa, kisha kata ndani yake ziwa na hifadhi. Katika programu ya QGIS, zana ya kazi hiyo ni `Difference`. Hapa panahitaji uangalifu. Kwanza, ramani za ziwa zenye maelezo machache huacha kuchora visiwa vidogo. Kisiwa cha Rukuba kikimezwa na ziwa, wavuvi wake watahamishiwa bara bila mtu kujua. Pili, si kila eneo lililohifadhiwa ni tupu. Ngorongoro, jirani ya Serengeti, ina wafugaji wanaoishi ndani yake kisheria, hivyo ukiifuta utakuwa umewafuta watu. Kwa kila eneo uliza kama watu wanalala humo, usiridhike na jina lake.

Sasa ndipo uchague thamani. Angalia mahali penye watu wengi kuliko kote na penye wachache kuliko kote. Tuchukue mji wa kadiri ya Musoma, tuseme watu 160,000 kwenye kilomita za mraba 60. Kwenye kipimo cha 1:1,000,000, mji huo unapata milimita za mraba 60 za karatasi. Nukta moja ikiwa watu 1,000, tunahitaji nukta 160. Zikiwa na kipenyo cha milimita 1, kwa pamoja zinadai zaidi ya milimita za mraba 120, mara mbili ya nafasi iliyopo, na mji unageuka doa jeusi. Ukipandisha thamani hadi 5,000, mji utapumua, lakini kata ya kijijini yenye watu 8,000 itabaki na nukta moja au mbili zisizoeleza chochote. Dawa iliyo bora hapa ni kupunguza ukubwa wa nukta yenyewe. Kwa kipenyo cha nusu milimita, nukta zile 160 zinachukua kama nusu ya eneo la mji. Zinaanza kugusana, nasi tunataka mji uonekane umejaa, ila bado unaona ni nukta.

Kwa hiyo Mara itapata nukta 2,370 hivi. Hesabu ya kila kata ni:

```
round("watu" / 1000)
```

Kisha zana ya `Random points inside polygons` huzimwaga ndani ya kila kata. Zikishamwagwa, zihesabu. Jumla ikizidi sana, huenda kata iliyokatwa na ziwa imegawanywa vipande, na kila kipande kimepewa watu wa kata nzima. Ikipungua, huenda uliweka umbali wa lazima kati ya nukta na programu ikakosa nafasi ya baadhi yake. Umbali huo pia hupanga nukta kama mahindi shambani, jambo ambalo makazi halisi hayafanyi.

Mwisho tazama mipaka ya kata. Ukiona nukta nyingi zinakoma ghafla kwenye mstari ambao si ufukwe wala ukingo wa hifadhi, ujue kata ya jirani ina eneo tupu ambalo hukuliondoa, pengine msitu au bonde la majimaji, na watu wake wametandazwa humo. Rudi kwenye picha za setilaiti, tafuta mapaa ya nyumba, kata tena. Na kwenye ufunguo wa ramani andika wazi kwamba nukta haionyeshi nyumba wala kijiji: ndani ya kata yake, imewekwa kwa bahati nasibu.