Githeri Iongezwe Nini?

Katika mpango wa Kenya wa chakula cha shule, mgao wa mwanafunzi kwa siku huenea kwenye mstari mmoja: gramu 150 za nafaka, 40 za maharagwe au jamii yake, 5 za mafuta, na chumvi kidogo. Ikishapikwa, ni githeri, na mtoto hushiba. Kwa hiyo yeyote anayeiandikia Wizara ya Elimu kuomba mgao huo ubadilishwe lazima kwanza aeleze mtoto aliyeshiba amekosa nini.

Jibu liko Embu. Kuanzia 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Marekani na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waligawa shule 12 za eneo la Kyeni katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga, la pili githeri na kikombe cha maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta tu. La nne halikupewa chakula, ila familia zake zilizawadiwa mbuzi. Ujanja wa utafiti ulikuwa kwamba nguvu mwilini iliyotoka katika vyakula vyote vitatu ililinganishwa. Tofauti ikabaki kwenye aina ya chakula.

Waliokula walinenepa kuliko wasiokula, bila kujali aina ya githeri. Lakini katika mtihani wa kufikiri kwa michoro, watoto wa nyama waliwapita wote, na uwanjani walikimbia zaidi na kuongoza wenzao. Maziwa hayakuleta matokeo hayo, ingawa pamoja na nyama yalipunguza upungufu wa vitamini B12, ambayo mahindi na maharagwe hayana kabisa.

Mwandishi wa kweli haachi upande wa pili. Madini ya chuma mwilini hayakuonekana kuongezeka, na malaria ilikuwa nyingi eneo hilo. Halafu kuna hesabu: mgao wa nyama ulifikia gramu 85. Shule ya wanafunzi 400 ingehitaji kilo 34 kila siku, na shule nyingi hazina hata jokofu. Afisa wa bajeti akiona hapo, ataufunga waraka.

Ndiyo maana ombi lenye nafasi ya kupita ni dogo zaidi: omena waliokaushwa na kusagwa, watiwe sufuriani siku mbili au tatu kwa wiki. Hawahitaji jokofu, na wana B12. Hata hivyo Embu ilipima nyama ya ng'ombe, si omena, na waraka usiwachanganye. Wizara iombwe ianze na kaunti moja, shule chache zibaki na mgao wa zamani ili kulinganisha, na watoto wapimwe damu na masomo kabla ya kuanza na baada ya mwaka. Kurasa mbili zinatosha kuyasema hayo.